Ujumbe wa mtoto uliokatikia kwenye "usi"

*Shikamoo Mwalimu. Ninafanya kazi za nyumbani Maskati, na binti yangu wa miaka 6 anaishi na mama yangu mzazi Tanga, ambako anasoma darasa la kwanza. Mwezi uliopita alianza kuniandikia mwenyewe kwa simu ya bibi yake. Ujumbe wake wa kwanza nauweka hapa kama ulivyonifikia:*

*"mama jana kuku alafu bibi akasema usi"*

*Nilifurahi, lakini sikuuelewa. Nikamjibu: "Sijaelewa. Andika vizuri. Kuku amefanya nini? Bibi alisema nini? Na ni halafu, siyo alafu. Umekula?" Tangu siku ile haandiki tena, hutuma emoji za mioyo na za paka tu. Mama ananiambia nimwache, bado mdogo. Dada yangu anashauri nimwandikie mimi sentensi nzima, yeye ainakili. Nifanyeje ili amalizie alichotaka kusema? Na je, kuandika nusunusu hivi katika umri wake ni dalili ya tatizo?*

*Mama aliye mbali, Maskati*

Marahaba, mwanangu. Kabla hatujazungumzia la kumjibu, naomba turudi kwenye ujumbe wenyewe tuusome polepole, kwa sababu mtoto huyu amesema mengi zaidi ya unavyodhani. Ameanza kwa kukuita, kisha akataja wakati, kisha akamtaja mhusika wa kisa chake, ambaye ni kuku. Neno "alafu" linaonyesha kwamba anajua jambo moja linafuata jingine. Halafu tazama alivyoandika "akasema" wala hakuandika "alisema". Kiambishi *-ka-* hakisimami peke yake mwanzoni mwa habari. Hufuata tukio lililokwisha kutajwa, kama tunavyosimulia kwamba mtu alifika, akakaa, akaomba maji. Kwa hiyo kichwani mwa binti yako kuku alikwisha kufanya jambo fulani, na bibi alisema maneno yake kwa sababu ya jambo hilo. Kisa kimekamilika kichwani. Kilichokosekana kwenye kioo cha simu ni kitenzi kimoja cha kuku na nusu ya kitenzi cha bibi.

Nusu hiyo nayo ina habari zake. "Usi" ni mwanzo wa katazo: usimshike, usimfukuze, usifungue. Kitenzi cha Kiswahili hutanguliza viambishi vya mtenda na vya ukanushi, mzizi ukafuata nyuma yake, kwa hiyo anayekatikia njiani hukuachia kujua kwamba kuna mtu alikatazwa bila kukuambia alikatazwa nini. Mtoto mwenyewe haoni pengo hilo, kwa kuwa katazo lote bado linamlia masikioni kwa sauti ya bibi yake. Tena katika umri wa miaka 6 mtoto bado hajazoea kukumbuka kila mara kwamba mama aliye Maskati hakumwona kuku aliye Tanga. Kwake yeye, kumtaja kuku kunatosha kukuonyesha kuku.

Sasa kwa nini akatikie hapo hapo? Nimefundisha darasa la kwanza kwa muda mrefu, na mahali anapokatikia mtoto ni jambo ninalolitazama kabla ya jingine lolote. Ujumbe ukiishia kwenye neno zima, mara nyingi mtoto amechoka, au anaamini amemaliza. Ukiishia katikati ya neno, basi ama kidole kimegusa kitufe cha kutuma kabla ya wakati, ama silabi inayofuata imemshinda. Nakuomba uizingatie sana sababu hii ya pili. Shuleni watoto huanza na *ba be bi bo bu*, konsonanti moja na irabu moja, na kwa silabi hizo "mama", "jana", "kuku" na "bibi" huandikika bila taabu. Hebu iangalie tena sentensi yake uone kwamba karibu kila neno aliloliandika limejengwa hivyo. Lakini tuchukulie kwamba bibi alisema "usimfukuze". Baada ya *u* na *si* inakuja *m* isiyo na irabu yake, inayosimama kama silabi kamili: u-si-m-fu-ku-ze. Mtoto anayetafuta *ma* au *mu* hapo haipati, na akiandika "usimufukuze" anahisi kwamba si hivyo. Wengi hapo husimama.

Konsonanti zinazotanguliwa na *m* au *n* huwasumbua watoto kwa namna nyingine pia. Katika "mbuzi" na "ndege" sauti hizo mbili hutamkwa kwa pamoja ndani ya silabi moja, na mtoto huandika "buzi" na "dege" kwa sababu sikio lake limeshika sauti moja tu. Watu husema kwamba Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, na wakahitimisha kwamba mtoto hana sababu ya kukosea. Mwaka 2003 watafiti Katie Alcock na Damaris Ngorosho walichapisha uchambuzi wa makosa ya tahajia ya Kiswahili, wakaeleza kwamba hata lugha yenye tahajia ya kanuni kama yetu si kazi ndogo kujifunza kuiandika. Sisi tunaokaa na madaftari ya watoto hatukushangaa. "Alafu" yenyewe si uzembe, kwa kuwa watu wazima wengi wanaomzunguka huitamka bila *h*, naye ameandika alichokisikia.

Ongeza hapo kazi ya simu. Ujumbe wake una herufi 31 na nafasi 6, yaani alibonyeza mara 37. Ikiwa kila herufi ilimchukua sekunde 3 kuitafuta, kwa kuwa herufi za simu hazikupangwa kama alivyozikariri darasani, basi alikuwa ameinamia simu kwa karibu dakika mbili kabla hajafika kwenye "usi". Muda wote huo ilimpasa kukishika kisa kichwani kwa mkono mmoja, kama tunavyosema, na kwa mkono wa pili kuwinda herufi. Mtoto huyo huyo angekusimulia habari yote kwa mdomo kwa sekunde kumi.

Ndiyo maana jibu lako lilimzima, ingawa nia yako ilikuwa njema. Lilikuwa na maswali matatu, amri moja na sahihisho moja, na kila swali lilidai sentensi nyingine ya dakika mbili. Swali la chakula lilikuwa jepesi kuliko yote, lakini lilimtoa kabisa kwenye habari ya kuku. Emoji ya paka ilikuwa njia yake ya kubaki nawe bila kufanya mtihani huo.

Jibu linalomsaidia mtoto amalizie lina mambo mawili tu. Kwanza unamrudishia maneno yake mwenyewe kwa mpangilio wake, ili aone kwamba yamefika na aweze kuuona mwanya kwa macho yake. Kisha unauliza jambo moja, nalo ni lile la mwanya wa kwanza. Kwa binti yako mwanya wa kwanza uko kwa kuku. "Usi" itapata maana yenyewe kuku akishajulikana alifanya nini, kwa hiyo usiliguse kwanza. Ningeandika hivi:

"Mwanangu, nimesoma habari yako. Jana kuku… halafu bibi akasema usi… Kuku alifanyaje?"

Nukta zile tatu si pambo. Zinamwonyesha mahali sentensi ilipo wazi, na mtoto wa darasa la kwanza huzielewa upesi kuliko maelezo. Neno "alifanyaje" nimelichagua kwa makusudi, kwa sababu halimbebeshi jibu langu. Neno "halafu" nimeliandika kwa tahajia yake, bila kusema lolote juu yake. Ataliona, na siku moja litahamia kwenye vidole vyake. Ukiona swali bado ni zito kwake, punguza mzigo kwa kumwanzia kitenzi: "Jana kuku ali…" Hapo umemfanyia kazi ya mtendaji na ya wakati, naye amebakiwa na mzizi peke yake, ambao ndio habari yenyewe.

Usibahatishe. Najua inavyovutia kuuliza, "Kuku alikufa?" au "Bibi alisema usimle?", na nitakuambia jinsi nilivyoponzwa na tabia hiyo nikiwa mwalimu mzima. Mjukuu wangu aliniandikia "bibi mpira umeigia kwa", na hapo ujumbe ukakatika. Nikamuuliza, "Kwa jirani?" Akajibu "ndio". Nikampigia jirani simu kumwomba radhi kwa mpira uliorushwa uwanjani kwake, na mama wa watu akatoka nje, akatafuta hadi nyuma ya tangi la maji, asiuone. Jioni ndipo nilipojua kwamba mpira ulikuwa umeingia kwa mbuzi, bandani. Mtoto alikwama kwenye *mb*, akapokea "jirani" yangu kwa kuwa "ndio" ina herufi nne na ilimwondolea mzigo. Mtoto akipewa dhana ya mtu mzima huikubali mara nyingi, na kisa chake kinapotea bila mtu yeyote kujua.

Ukishatuma, ngoja. Usifuatishe alama za kuuliza, wala "Hallo?", wala swali la pili la kulitia nguvu la kwanza. Simu ni ya bibi na mtoto analala mapema, na Maskati saa zenu zimetangulia za Tanga kwa saa moja. Ukiandika saa tatu na nusu usiku umalizapo kazi, kwao ni saa mbili na nusu na huenda yuko chini ya chandarua. Jibu la kesho yake, au la keshokutwa, bado ni jibu.

Tuseme limekuja hivi: "aliigia jikoni". Hapo ameacha *n* ya "aliingia", kwa sababu ile ile niliyoeleza. Usimrudishe nyuma. Jibu kama mtu aliyesikia habari, na ndani ya jibu lako neno liwe limeandikwa sawasawa: "Kumbe kuku aliingia jikoni! Halafu bibi akasema usi…" Swali halihitajiki tena, kwa kuwa nukta zinamwita. Pengine atakujibu "usimfukuze anatakakutaga", maneno mawili ya mwisho yakiwa yameshikana, na mwanangu, hapo utakuwa umeipata habari yote ya asubuhi ile: kuku ametafuta pa kutagia, mtoto ametaka kumtoa mbio, bibi amemzuia. Sasa mkusanyie vipande vyake: "Jana kuku aliingia jikoni, halafu bibi akasema usimfukuze, anataka kutaga. Ndivyo?" Mwombe bibi amsomee kwa sauti, au amwache asome mwenyewe. Mtoto anapaswa kuisikia sentensi yake ikiwa nzima, na ule mwulizo wa "ndivyo?" unamwachia yeye haki ya kukukosoa. Akisema "hapana ni juzi", mshukuru na urekebishe.

Tofauti ya njia hii na shauri la dada yako iko hapo. Kunakili sentensi ya mama kunazoeza vidole, sina ugomvi nako kwa siku nyingine, lakini sentensi hiyo itakuwa yako, na ya kuku itakuwa haijasemwa. Nalo shauri la mama yako la kumwacha lina ukweli nusu: tahajia iachwe, ila habari isiachwe, kwa maana mtoto aliyeandika herufi 31 alitaka kusikilizwa.

Mama yako ana kazi moja ya kumsaidia, na haihitaji ajue kuandika vizuri. Mtoto akikwama kwenye neno, bibi alitamke polepole huku akipiga kofi moja kwa kila silabi, makofi sita kwa "usimfukuze", na ile *m* ipate kofi lake. Asimchukulie simu akamwandikia, na asimtajie herufi moja moja, kwa kuwa mtoto akitajiwa herufi huacha kusikiliza neno. Kama simu ina kile kirekebishaji kinachobadilisha maneno yenyewe, na kimewekwa kwa Kiingereza, mwombe kijana wa nyumbani akizime. Nimeona watoto wakiandika neno sahihi, likageuka mbele ya macho yao, wakaamini kwamba wao ndio waliokosea.

Kuhusu wasiwasi wako wa mwisho, kipimo chake hakimo kwenye maandishi. Mwombe akusimulie kwa ujumbe wa sauti habari ya jambo lililotokea leo. Akisimulia kwa mfululizo, nani alifanya nini na kikafuata nini, hata kama anarukaruka na kusema "halafu" mara kumi, basi lugha yake ni nzima na kinachochelewa ni mkono. Hilo ni la kawaida kabisa kwa darasa la kwanza. Lakini kama na kwa mdomo pia huacha sentensi katikati, hatafuti hata neno la kumalizia, au bibi analazimika kumwita mara mbili tatu ndipo ageuke, basi azungumze na mwalimu wa darasa, na mtoto apelekwe kituo cha afya masikio yapimwe. Sauti hiyo inaweza pia kuwa ngazi: siku anayoonekana amechoka, asimulie kisa kizima kwa mdomo, kisha umwombe akuandikie kipande kimoja tu, kile alichokipenda.

Kuna ujumbe mmoja ambao hautakiwi kujibiwa kwa nukta tatu wala kwa kungoja. Ukipata "mama bibi ameaguka" au "mama kuna mtu ame", piga simu hapo hapo, ukikosa mpigie jirani. Mambo ya kumalizia sentensi yatangoja.

Kwa sasa usianze kwa kuomba radhi ndefu kwa lile jibu la kwanza, wala usimuulize kwa nini haandiki. Rudi kwa kuku. Usiku wa leo mtumie haya: "Bado namfikiria yule kuku wako wa siku ile. Siku ile kuku ali…" Neno "jana" nimeliacha kwa kuwa ilikwisha kupita, asije akachanganyikiwa. Akikurudishia emoji ya kuku badala ya maneno, ipokee kuwa ni neno, kwani kweli amekujibu kuhusu kuku. Mwambie, "Nimemwona. Yuko wapi hapo?" Jibu lake linaweza kuwa neno moja, na "jikoni" kwa silabi zake tatu nyepesi analiweza.